Sayatika: Maumivu ya Mguu Yanayotoka Kiunoni, na Dalili Zisizongoja Kesho



Katika kata ya Cyanzarwe, juu ya mji wa Gisenyi, udongo wa volkano huzaa viazi vingi, na viazi haviendi sokoni vyenyewe. Huchimbwa kwa jembe mgongo ukiwa umeinama, hutiwa katika magunia, kisha magunia huinuliwa kichwani au mabegani hadi kwenye lori. Wenzetu wengine wa wilaya hii ya Rubavu huchuma majani ya chai kwa ajili ya kiwanda cha Pfunda, au hupanga makreti ya chupa viwandani. Kazi hizi ni mbalimbali, lakini zote huutegemea uti wa mgongo, hasa sehemu yake ya chini.

Ndiyo maana katika kila kundi la wafanyakazi hukosi mmoja anayelalamika kwamba maumivu yanaanzia tako, yanashuka nyuma ya paja, yanapita ndamani na kufika unyayoni, kama waya wenye moto. Wengine huyaita baridi ya mifupa, wengine husema ni mshipa umepanda, wengine hushuku kurogwa. Waganga wa hospitali huyaita sayatika. Makala haya yanaeleza yanatoka wapi, nini huyapunguza, na dalili zipi zinamtaka mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo.

MAUMIVU YAKO MGUUNI, CHANZO KIKO KIUNONI

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu. Nje yake ni kigumu, kama mkanda uliosukwa kwa tabaka nyingi, na ndani yake mna kitu laini kama ute mzito. Kisahani hiki ndicho kinachopokea uzito na kutuwezesha kuinama. Nyuma ya pingili hupita mfereji wenye mishipa ya fahamu, na katika kila pingili hutoka mzizi mmoja kuume na mmoja kushoto. Mizizi ya chini kabisa huungana na kufanya mshipa mkubwa wa fahamu unaopita takoni na kushuka nyuma ya mguu. Huo ndio mshipa wa sayatika.

Mtu akiinama na kuinua mzigo mara nyingi kwa miaka mingi, ule mkanda wa nje huchakaa. Siku moja hupasuka, na ute wa ndani husukumwa nyuma ukaugusa mzizi. Mzizi hubanwa na pia huvimba, kwa sababu ute ule huuwasha kama pilipili jichoni. Kwa kuwa mzizi huo kazi yake ni kupeleka habari za mguu, ubongo hudhani mguu ndio unaoumia. Kusugua ndama kwa dawa hakufiki kwenye chanzo. Madaktari wawili wa Marekani, Mixter na Barr, waliandika mwaka 1934 kwamba kisahani kilichopasuka ndicho kinachosababisha maumivu haya kwa wagonjwa wengi, na tangu hapo jambo hili limethibitishwa mara nyingi.

Kuna njia rahisi za kutofautisha sayatika na uchovu wa mgongo. Maumivu ya uchovu hukaa kiunoni, na pengine hufika paja la juu. Sayatika hupita chini ya goti, kwa kawaida katika mguu mmoja, na mara nyingi mguu huuma kuliko mgongo. Kukohoa, kupiga chafya au kujikamua chooni huyaongeza. Mara nyingi ngozi hufanya ganzi au kuhisi kama inachomwa sindano.

Mahali yanapofika maumivu huonyesha ni mzizi upi uliobanwa. Yakipita upande wa nje wa ndama na kuishia juu ya unyayo na kidole gumba cha mguu, kwa kawaida ni mzizi wa tano wa kiunoni. Hapo mgonjwa hupata taabu kuinua kidole gumba au kutembea kwa visigino. Yakipita nyuma ya ndama hadi ukingo wa nje wa unyayo, kwa kawaida ni mzizi ulio chini yake. Hapo taabu ni kusimama kwa ncha za vidole.

MFANO WA MPAKIAJI

Tuchukue mfano wa mpakiaji wa viazi mwenye umri wa miaka 41. Hakutokea mtu huyu mmoja; ni mfano tulioutunga ili kufuata hatua zote. Asubuhi na mapema, baada ya kuamka na kufika shambani, anainama kushika gunia linalokaribia kilo 100, kisha anapinda kiuno kumpa mwenzake aliye juu ya lori. Anahisi kitu kimekatika kiunoni, lakini anamaliza kazi. Siku ya pili kiuno kimekakamaa. Siku ya tatu maumivu ya kiuno yanapungua, na mguu wa kulia unaanza kuwaka kutoka takoni hadi ukingo wa nje wa unyayo.

Angalia saa aliyoumia. Usiku tukilala, visahani hufyonza maji na kuvimba, hivyo asubuhi huwa vimejaa na vinabanwa zaidi mtu akiinama sana. Anayeanza siku kwa kuinua gunia zito kutoka chini anakibana kisahani chake wakati kimejaa. Angalia pia mwendo wake: aliinama na kupinda kwa wakati mmoja. Mambo haya mawili pamoja huumiza kuliko uzito peke yake.

Kabla hajaenda kituo cha afya, mpakiaji huyu anaweza kujipima mwenyewe kwa msaada wa mtu. Kwanza alale chali juu ya mkeka, na mwenzake ainue mguu unaouma polepole, goti likiwa limenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla mguu haujasimama wima, yaani kati ya nyuzi 30 na 70, ni dalili kwamba mzizi umeguswa. Pili, asimame akishika ukuta kidogo tu, ainuke kwa ncha za vidole vya mguu mmoja mara 10, kisha mguu mwingine. Mguu unaouma ukishindwa mapema, misuli imeanza kudhoofika. Tatu, atembee hatua 10 kwa visigino. Nne, aguse ngozi ya miguu yote miwili kwa pamba, alinganishe. Mwisho ajiulize juu ya mkojo, choo na sehemu za siri. Hilo tutalieleza mbele.

Katika mfano wetu, mguu ulioinuliwa uliuma katika nyuzi 40, na aliinuka kwa ncha za vidole vya mguu wa kulia mara sita badala ya 10. Mkojo na choo vilikuwa sawa, na hakuwa na homa. Hii ni sayatika ya kawaida. Inauma kweli, lakini haihitaji kisu, na haihitaji picha ya eksirei, kwa maana eksirei huonyesha mifupa tu, haionyeshi kisahani wala mzizi. Hata hivyo, kwa sababu misuli imedhoofika kidogo, aonwe kituoni ndani ya siku chache, na majaribio haya yarudiwe kila wiki.

NINI KINACHOSAIDIA

Kwanza, asilale kitandani siku nyingi. Zamani waganga walimwagiza mgonjwa alale wiki mbili au tatu. Leo inajulikana kwamba kulala hakuharakishi kupona, na misuli ya mgongo hulegea. Siku moja au mbili za kupumzika maumivu yakiwa makali, hizo zinatosha. Baada ya hapo atembee nyumbani dakika tano au 10, apumzike, arudie mara kadhaa kwa siku, akiongeza kidogo kila siku. Maumivu yakirudi nyuma kutoka unyayoni kuelekea kiunoni, ni habari njema, hata kama kiuno kinauma zaidi. Yakizidi kushuka mguuni, amezidisha, apunguze.

Pili, atafute mkao unaompa nafuu. Wengi hupata nafuu wakilala ubavu, upande usiouma ukiwa chini, na nguo iliyokunjwa ikiwekwa kati ya magoti. Wengine hulala chali magoti yakiegemezwa juu ya mto au gunia la majani makavu. Kukaa muda mrefu kwenye kigoda kifupi, au kupanda pikipiki katika njia ya mawe, huwaongezea wengi maumivu. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa kiunoni dakika 15 au 20, hulegeza misuli. Kisiwekwe mahali penye ganzi, maana ngozi itaungua mgonjwa asijue.

Tatu, dawa. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya chakula, kwa siku tano hadi saba, huwapunguzia baadhi ya wagonjwa maumivu. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, au mama mjamzito, mpaka amwulize mganga. Mwenye shinikizo la damu naye aulize kwanza. Vidonge hivi havirudishi kisahani mahali pake. Kazi yake ni kumpa mtu nafasi ya kutembea na kulala.

Nne, tuzungumzie sindano, kwa sababu wafanyakazi wengi huamini kwamba dawa isiyochomwa si dawa. Sindano ya diklofenaki ni dawa ya jamii moja na ibuprofeni. Mwenye uwezo wa kumeza hapati faida kubwa kwa kuchomwa. Tena mshipa wa sayatika wenyewe unapita takoni. Sindano ikichomwa katikati ya tako au chini yake, inaweza kuugonga na kumwachia mtu mguu uliopooza. Huko Uganda madaktari wameandika juu ya watoto wengi waliolemazwa kwa njia hii. Ikibidi sindano, ichomwe na muuguzi aliyesomea kazi hiyo, katika pajani kwa upande wa nje, au takoni sehemu ya juu kwa nje. Usikubali kuchomwa na muuzaji wa dukani.

Vilevile kuchanja ngozi, kuchoma kwa chuma cha moto au kukanyagwa mgongoni hakufiki kwenye mzizi. Kukanyagwa kunaweza kukisukuma zaidi kisahani kilichopasuka.

Mwili wenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ute uliotoka nje hunyauka na kufyonzwa na damu kadiri miezi inavyopita, na uvimbe wa mzizi hushuka. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa kati ya wiki sita na 12. Mwaka 2007 wachunguzi wa Uholanzi walichapisha habari za wagonjwa 283 waliokuwa na sayatika kali kwa wiki sita hadi 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema, na nusu walingojea, wakipasuliwa tu ikiwa lazima. Waliopasuliwa walipona mguu haraka zaidi, lakini mwaka ulipokwisha makundi yote mawili yalikuwa sawasawa. Kwa hiyo upasuaji ni wa yule ambaye maumivu makali hayamwachi baada ya wiki nyingi, au mwenye dalili za hatari tutakazozitaja sasa.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Chini ya kiuno, ndani ya mfereji, mizizi ya mwisho hukaa pamoja kama nywele za mkia wa farasi. Miongoni mwake imo mizizi midogo inayoongoza kibofu, njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Kisahani kikubwa kikitoka katikati, hubana mkia wote. Mizizi hiyo midogo ikibanwa saa nyingi hufa, na ikishafa mtu anaweza kubaki akivuja mkojo maisha yake yote, hata kama mguu utapona. Jambo hili ni la nadra, lakini kila mtu mwenye sayatika anapaswa kulijua kabla halijampata, kwa sababu saa ndizo zinazoamua.

Dalili zake ni hizi. Ganzi katika sehemu ambayo mtu hukalia akipanda baiskeli, yaani msambani, sehemu za siri na ndani ya mapaja. Mara nyingi mgonjwa huitambua anapojisafisha chooni na kukuta hahisi mkono wake. Mkojo kukataa kutoka, au kutoka kwa kujikamua, au kibofu kujaa bila mtu kuhisi, kisha kudondoka wenyewe. Kushindwa kuzuia choo. Mwanamume kupoteza nguvu ghafla, au mwanamke kutohisi kitu katika tendo la ndoa. Maumivu au udhaifu kuhama kutoka mguu mmoja na kushika miguu yote miwili.

Tunasisitiza juu ya mkojo, kwa sababu wengi hukosea hapo. Mtu aliyezibwa mkojo kwa ugonjwa huu huenda asione maumivu ya kibofu, kwa kuwa hisia zenyewe zimekatika. Akidondokwa na matone, hudhani anakojoa vizuri. Wengine huona haya kutaja sehemu za siri mbele ya muuguzi aliye kijana. Ndugu, haya hiyo iache mlangoni. Sema wazi: “Nina maumivu ya mguu kutoka kiunoni, na sasa sihisi msambani, na mkojo hautoki vizuri.” Maneno hayo mganga atayaelewa mara moja.

Mwenye hata dalili moja kati ya hizo asingojee asubuhi, wala siku ya soko, wala dawa ya kienyeji. Katika Rwanda kuna namba ya gari la wagonjwa, 912. Mshauri wa afya wa kijiji aitwe asaidie. Kituo cha afya kimpeleke hospitali ya wilaya huko Gisenyi, na kutoka hapo apelekwe kwenye hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha za mishipa ya fahamu na daktari wa kupasua mgongo. Safari ni ndefu, na upasuaji hufaa zaidi ukifanywa mapema, ndani ya siku moja au mbili tangu mkojo uanze kusumbua. Ndiyo maana saa za mwanzo, zile za kijijini, ndizo zisizopaswa kupotea.

Dalili nyingine ya haraka ni unyayo kuanguka: mtu akitembea, vidole vinaburuta chini na anajikwaa kwenye mawe madogo, au udhaifu unaongezeka siku hadi siku. Mpakiaji wa mfano wetu, ikiwa wiki ya pili anainuka kwa ncha za vidole mara mbili tu badala ya sita, asingoje wiki ya tatu. Aende hospitali.

Kuna pia maumivu yanayojifanya sayatika kumbe ni ugonjwa mwingine. Kifua kikuu huweza kushambulia pingili za mgongo. Maumivu hukua polepole kwa wiki nyingi, huzidi usiku hata mtu akilala, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, na pengine nundu ndogo hutokea mgongoni. Si lazima mgonjwa awe anakohoa. Wanaofuga au wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa wanaweza kupata ugonjwa wa kutupa mimba wa ng’ombe, ambao nao huleta homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno. Mwenye homa, aliyekonda bila sababu, aliyewahi kuugua saratani au aliyeanguka kutoka juu asijitibu kwa ibuprofeni. Na ndama moja ikivimba, ikawa ya moto na kuuma ikibonyezwa, yaweza kuwa damu iliyoganda katika mshipa wa damu. Hilo nalo ni la siku hiyo hiyo.

KURUDI KAZINI

Mpakiaji wetu hana haja ya kungoja mpaka maumivu yote yaishe. Akiweza kutembea nusu saa na kukaa bila taabu kubwa, arudi kwa kazi nyepesi: kuchagua viazi juu ya meza, kushona magunia akiwa amesimama, kuhesabu mizigo. Kwa wiki sita za mwanzo asiinue kitu kutoka chini akiwa amepinda. Saa ya kwanza ya asubuhi aanze na kazi ya kusimama.

Mzigo ukae karibu na tumbo. Gunia la kilo 30 likishikwa mbali na mwili kwa sentimita 50 hukivuta kiuno mara mbili kuliko likishikwa kwa sentimita 25. Agandamize miguu, ageuke kwa kuhamisha nyayo, wala si kwa kupinda kiuno. Zaidi ya yote, uzito wenyewe upungue. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa mpaka wa mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima, na likataka panapozidishwa papunguzwe upesi. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili ya mpaka huo. Viazi vile vile vikitiwa katika magunia mawili ya kilo 50, na ubao ukiwekwa kutoka chini hadi kwenye lori, mavuno hayapungui hata kiazi kimoja. Hili ni jambo la kuzungumza na msimamizi na chama cha ushirika kabla ya msimu kuanza.

Ajali ikitokea kazini, mwenye kuumia amwarifu mwajiri siku hiyo, mbele ya shahidi, na iandikwe tarehe, saa, mzigo na jinsi ilivyotokea. Kwa mfanyakazi aliyeandikishwa, Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda ndiyo inayoshughulikia mafao ya ajali za kazi, nayo hufuata maandishi. Asiyeandikishwa atumie bima yake ya mituweli kituoni. Na katika daftari la mgonjwa, muuguzi aombwe aandike kila mara mambo matatu: mguu uliinuka nyuzi ngapi, ncha za vidole mara ngapi, na mkojo ukoje. Kwa mistari hiyo mitatu, yeyote atakayempokea baadaye ataona mara moja kama mgonjwa anapona au anazidiwa.